Marehemu Akija Ndotoni Akiomba Sadaka

Mjane mmoja wa mtaani kwetu, Tanga, aliniita Ijumaa moja baada ya sala. Alikuwa bado edani, mwezi wa tatu ukiyoyoma, kwa hiyo yeye alikaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na mimi nikakaa barazani na mwanawe mkubwa wa kiume. Alikuwa amemwota mumewe mara mbili katika wiki moja. Mara ya kwanza alimwona amesimama ukumbini, kanzu imechakaa, midomo imekauka, hasemi neno. Mara ya pili alisema: "Mbona mmenisahau? Nitoleeni." Akazinduka muadhini akiwa kwenye adhana ya alfajiri.

Kabla ya kuniita, alikuwa ameshamweleza shemeji yake, na shemeji hakulaza damu. Alikuwa ameshaulizia bei ya ng'ombe, milioni moja na laki mbili, ameshawaambia watu waje Jumapili kwenye hitima, na fedha ya kununulia ng'ombe angeitoa kwenye droo ya duka la marehemu. Mjane mwenyewe hakuwa na hakika. "Maalim," aliniuliza, "nikikataa, si nitakuwa nimemnyima mume wangu?"

Mimi si mfasiri wa ndoto. Ninachofanya ni kuwasaidia watu kuhesabu mirathi, na ndoto hizi hunifikia kwa sababu mara nyingi huja wakati mali bado haijagawanywa. Nilimjibu kama ninavyowajibu wengine: fanya lile ambalo ungeruhusiwa kulifanya hata kama hukuota. Ndoto inaweza kukukumbusha wajibu uliousahau, lakini haiwezi kukupa ruhusa ambayo hukuwa nayo jana.

Tuanze na asubuhi yenyewe ya ndoto. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ndoto ni za aina tatu: njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo mtu anazungumza na nafsi yake mwenyewe. Mfiwa aliyelala akimlilia mumewe ana kila sababu ya kuota aina ya tatu. Kama ndoto imemtia hofu, sunna yake inajulikana: kutema kikavu upande wa kushoto mara tatu, kujikinga kwa Mungu na shetani, kugeuza ubavu, na kutomsimulia mtu. Kama ilikuwa njema, amsimulie anayempenda na mwenye akili. Katika hali zote mbili, mahali pake si kundi la simu la ukoo. Ikishafika huko, kila mtu atakuwa na tafsiri yake kabla ya chai ya saa nne, na shangazi aliyeko Muscat atakuwa ameshaanza kulia.

Halafu andika maneno uliyoyasikia, yaleyale, bila kuongeza. Nilimwomba kijana aandike aliyoyasema mama yake, kisha nikamwuliza: hapo ng'ombe yuko wapi? Marehemu alisema "nitoleeni". Hakutaja ng'ombe, hakutaja Jumapili, wala duka. Hayo yote yaliongezwa mchana na watu waliokuwa macho. Na nyongeza za namna hii hunata haraka: baada ya wiki mbili hata mwotaji mwenyewe atakwambia alimwona marehemu ameshika kamba ya ng'ombe.

Usikimbilie pia kitabu cha tafsiri za ndoto kutafuta maana ya midomo mikavu. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, si mkono wake. Vilikusanywa na wengine baadaye vikapewa jina lake. Na hapa huna haja ya fumbo. Ombi la maiti kwa walio hai linajulikana bila kufumbuliwa: alipiwe anachodaiwa, aombewe, atolewe sadaka.

Wanaoitetea ndoto husimulia kisa cha Thabit bin Qays, na kisa hicho kinastahili kusikilizwa vizuri, maana watu hukisimulia nusu. Thabit aliuawa katika vita vya Yamama, yapata mwaka 633. Alikuwa na deraya nzuri, na mtu mmoja akapita akaichukua. Usiku Thabit akamjia Mwislamu mmoja usingizini, akamwonya asije akasema ni ndoto tu akaipuuza. Akamweleza ilipo deraya: kwenye hema la mtu fulani mwishoni mwa kambi, penye farasi aliyefungwa kamba ndefu, imefunikwa kwa chungu, na juu ya chungu kuna tandiko. Akamtaka ampelekee habari Khalid bin Walid, kisha amwambie Abubakar kwamba yeye Thabit anadaiwa kadha wa kadha. Khalid akatuma mtu, deraya ikapatikana palepale. Ndipo Abubakar akautekeleza wasia ule, na wanavyuoni wakaandika kwamba hawamjui mwingine ambaye wasia wake uliotolewa baada ya kufa ulitekelezwa.

Tazama mpangilio wake. Khalid alikwenda kuangalia kwanza. Ilipopatikana deraya chini ya chungu, ndipo neno la deni nalo likapata uzito. Ibn al-Qayyim, aliyekijadili kisa hiki katika kitabu chake kuhusu roho, aliona kwamba masahaba wale walifuata dalili zilizoizunguka ndoto ile. Imamu Nawawi naye, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu pwani, anatoa mfano mkali zaidi: usiku wa kuamkia tarehe 30 Shaabani, mwezi haujaonekana, mtu akaota Mtume anamwambia kesho ni Ramadhani. Haifungwi kwa ndoto hiyo. Kasoro haiko kwa Mtume. Iko kwa aliyelala, kwani usingizini mtu hana uwezo wa kulishika neno sawasawa. Kama ndoto ya Mtume mwenyewe haianzishi saumu, ndoto ya mume wetu haiwezi kufungua droo.

Kwa hiyo tukafanya kama Khalid, tukaenda kuangalia. Pa kuanzia ni deni, kwa kuwa imepokewa kwamba roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka alipiwe, na kwamba Mtume aliwahi kuletewa jeneza la mtu anayedaiwa dinari mbili, akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada alipochukua dhamana. Watu husema, "Tulishatangaza makaburini, anayemdai aje, na hakuja mtu." Jamani, nani atanyanyua mkono makaburini, udongo bado mbichi, aseme anadai shilingi elfu ishirini? Tangazo lile ni jema, ila halitoshi. Inabidi mtu wa familia azunguke: kwa muuzaji wa jumla, kwa fundi, kwa mwenye nyumba, kwa wenzake wa upatu, na aangalie ujumbe wa mikopo kwenye simu ya marehemu kabla laini haijafungwa.

Kijana akaleta daftari la duka. Kurasa za mbele zilikuwa za wateja waliokopa, na hizo kila mtu alizijua. Deni la muuzaji wa jumla la mifuko ya sukari, shilingi 140,000, nalo mjane alikuwa amelisikia, ila lilikuwa "linasubiri". Ukurasa wa mwisho, ndani ya jalada, palikuwa na jina la mama anayeuza vitumbua kona ya pili na tarakimu zilizopangwa chini kwa chini: 5,000, 5,000, 10,000, mpaka 60,000. Mama huyo alikuwa akiweka fedha yake kwa marehemu, kama wanavyofanya wengi wanaoogopa kukaa nayo nyumbani. Kijana alipomwendea, mama yule alikiri kwamba amekuwa akipita mbele ya nyumba miezi mitatu akiona haya kusema.

Fedha ile haikuwa deni la kawaida. Ni amana, mali ya mtu, haijapata kuwa ya marehemu hata siku moja, wala haingii kwenye mirathi. Ilirudishwa siku ileile. Mjane akalia, akasema, "Ndiyo aliyokuwa akiitaka." Sikumpinga, na sikumkubalia. Daftari lingesema hayohayo bila ndoto, kama lingefunguliwa wiki ya kwanza.

Baada ya madeni ya watu kuna ya Mungu. Swali la kuuliza si "alikuwa mcha Mungu?" bali: alibakiza siku ngapi? Marehemu aliugua Ramadhani iliyotangulia kifo chake, akala siku 17. Akapona, akakaa miezi ana afya yake, akalipa siku 5. Zikabaki 12. Kule kupona ndiko kunakoleta hukumu. Angekufa ndani ya maradhi yaleyale, bila kupata nafasi ya kulipa, asingedaiwa siku hizo. Kwa kuwa aliipata nafasi, wanavyuoni wa Shafi wana njia mbili: kumlisha maskini kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, au jamaa yake kumfungia. Hiyo ya pili ina hadithi sahihi ya Bibi Aisha, na ndiyo aliyoipa nguvu Nawawi.

Hesabu ya kulisha ni nyepesi. Siku 12 ni vibaba 12, na pishi ni vibaba vinne, basi ni pishi tatu, kama kilo saba na nusu za mchele. Kwa bei ya dukani siku ile, shilingi 2,800 kwa kilo, ilikuwa shilingi 21,000. Linganisha na ng'ombe. Binti mkubwa, wa miaka 22, akasema atamfungia babake mwenyewe, Jumatatu na Alhamisi, wiki sita. Hiyo nayo sawa, na haikuwapo haja ya kufanya yote mawili. Kama marehemu alikuwa na uwezo wa kuhiji na hakuhiji, au aliweka nadhiri, hapo ndipo pa kuuliza pia. Mtume alimwambia mwanamke wa Juhayna, ambaye mamake aliweka nadhiri ya kuhiji akafa, amhijie, akalifananisha na deni ambalo mtoto angemlipia mzazi. Mume wetu hakuwa na uwezo huo, tukapita.

Wasia tukautafuta, hapakuwa na maandishi wala mashahidi. Ungekuwapo, mwisho wake ni theluthi ya kilichobaki baada ya deni. Ndoto haiandiki wasia mpya. Hata marehemu akija amevaa nyeupe akasema "shamba la Pangani mpeni fulani", shamba ni la warithi, na fulani atalipata tu wakiwa wao wenyewe wameridhia kumpa.

Hapo ndipo tulipomfikia shemeji na droo yake. Wazazi wa marehemu walikwishatangulia. Waliobaki ni mjane, binti, kijana wa miaka 19, na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Palipo na watoto wa kiume, ndugu wa marehemu harithi kitu. Shemeji alikuwa akipanga matumizi ya mali ambayo hana hata senti moja ndani yake. Mjane ana thumuni. Kinachobaki kinagawanywa watoto wa kiume wapate mara mbili ya binti. Ukiigawa mali yote mafungu 40, mjane anapata 5, binti 7, na kila mtoto wa kiume 14. Maana yake, katika ng'ombe wa shilingi 1,200,000 aliyenunuliwa kwa fedha ya duka, shilingi 420,000 ni za mtoto wa miaka tisa.

Nilizitaja tarakimu hizo barazani, kimya kikaingia. Watu wazima wanaweza kusamehe mafungu yao. Mtoto hawezi, hata ukimuuliza akasema ndiyo, na mamake hana haki ya kusema ndiyo kwa niaba yake. Qurani inamfananisha alaye mali ya yatima kwa dhuluma na mtu anayekula moto ndani ya tumbo lake. Sasa mtu anamtafutia ndugu yake nafuu kaburini kwa kuwalisha wageni mali ya yatima wa ndugu huyohuyo. Gharama za sanda na mazishi hutoka kwenye mali ya marehemu, pilau haimo.

"Kwa hiyo ng'ombe wa kaka yangu hamumtaki?" shemeji akauliza, sauti imepanda.

"Tunamtaka sana, baba mdogo," kijana akamjibu. "Mnunue kwa fedha yako."

Ng'ombe hakuzungumzwa tena. Simcheki, alimpenda ndugu yake, na msiba huwapa wanaume hamu ya kufanya kitu kikubwa kinachoonekana. Nikamtajia kisa cha Saad bin Ubada, ambaye mamake alifariki yeye akiwa safarini. Alipouliza kama kumtolea kutamfaa na akajibiwa ndiyo, alitoa bustani yake mwenyewe. Katika mapokezi mengine aliuliza sadaka ipi ni bora, akaambiwa maji, akachimba kisima. Shemeji akakumbuka kwamba bomba la udhu la msikiti wetu linavuja miezi sasa. Alilitengeneza yeye, koki mbili mpya na ujira wa fundi. Naona amefanya vizuri kuliko wanaochimba kisima kipya chenye kibao cha jina la marehemu, halafu pampu ikafa kwa kukosa kipuri na kibao kikabaki kinang'aa juu ya kisima kikavu.

Sadaka haina kiwango, na ndoto haiifanyi kuwa faradhi. Anayetoa anatoa chake, ananuia moyoni kabla ya kukabidhi kwamba thawabu zake zimfikie fulani, na inatosha. Mpokeaji si lazima aambiwe. Wa kuanza nao ni jamaa mhitaji, kwa kuwa kumpa jamaa kuna mambo mawili, sadaka na kuunga undugu. Mjane alituma kilo tano za mchele na sukari kwa shangazi mzee wa marehemu, ambaye tangu matanga kuanuliwa hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Binti alitoa shilingi 10,000 za mshahara wake. Na dua haina gharama: kila baada ya sala, kwa lugha yoyote, Mola msamehe, mrehemu, mwangazie kaburi lake. Mtoto wa miaka tisa alifundishwa kuisema kwa jina la babake. Yeye, kwa kweli, ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote barazani pale, kwani mtoto mwema anayemwombea mzazi ni miongoni mwa mambo matatu yasiyokatika mtu akifa.

Kuhusu hitima, wapo wanaosoma na wapo wanaoikataa, na mjadala huo hautamalizwa na ndoto ya mtu mmoja. Familia hii husoma. Walisoma juzuu zao jioni moja, watu wa nyumba tu, wakaomba dua, wakanywa chai ya tangawizi waliyoinunua wenyewe.

Kuna maombi ya ndotoni ambayo hayahitaji daftari wala hesabu, kwa kuwa jibu lake ni hapana. Marehemu akitaka uchinje juu ya kaburi, uvunje ndoa, umnyime mrithi, au umtoe dada yako kwenye nyumba, huyo usimfuate, hata awe na sura ya babako na sauti yake. La hatari zaidi ni marehemu anayekuja kumtaja aliyemuua: "Jirani ndiye aliyeniroga." Nimeona ukoo ukigawanyika makaburi mawili kwa sentensi kama hiyo. Ukiiota, ifanye kama ndoto ya shetani, usiisimulie hata kwa mama yako. Na akitokea mganga anayesema marehemu wako ana kiu na anataka kuku mweusi na shilingi elfu themanini, kumbuka kwamba deni la marehemu halilipwi kwa mganga, na sadaka si lazima apewe yeye.

Kuna pia anayeota kila usiku, anaogopa kulala, amekonda, hali, miezi imepita. Huyo usimwongezee sadaka juu ya sadaka mpaka amalize alichonacho. Msomee, kaa naye, asilale chumba peke yake, na mpeleke hospitali aonane na daktari. Huzuni nzito ni maradhi kama homa, na anayemtibu hamvunjii imani.

Deni la sukari lililipwa kwa awamu mbili kutoka kwenye duka, kabla ya mgawanyo, na risiti ikabandikwa kwenye daftari. Nilipopita mara ya mwisho, binti alikuwa amebakiza siku tatu za saumu, na mjane amemaliza eda. Alinieleza kwamba hajamwota tena mumewe, na kwamba jambo hilo nalo lilikuwa limeanza kumsumbua: je, ina maana hakuridhika? Nikamwambia aliyelala bila kuota naye amelala tu. Akacheka, akaniuliza kama mchele wa fidia ya mamake, aliyekufa miaka sita iliyopita, bado unaweza kutolewa. Tukaketi, tukaanza kuhesabu siku.